Dereva wa Kasumbalesa na amiba ambazo hakuwa nazo

Sampuli ya tatu aliileta mwenyewe, saa moja asubuhi, ndani ya kikopo alichokifunga kwa mifuko miwili. Kabla hata ya kunisalimia vizuri akasema, "Munganga, leo utaziona." Alimaanisha amiba. Mimi si munganga, mimi ni mtu wa labo katika kituo cha afya hapa Lubumbashi, lakini huku yeyote anayevaa koti jeupe huitwa hivyo na nimeshachoka kusahihisha.

Papa huyu ni dereva wa lori, ana miaka arobaini na kitu, mwili mkubwa, kilo 80. Kazi yake ni kwenda na kurudi Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Njia yenyewe haifiki hata kilomita 100, ila anayeijua anajua kwamba shida si kilomita, ni foleni. Unaweza kukaa siku mbili, tatu, ukisogea lori moja moja. Na kwa miezi minne, kila akiwa kwenye foleni ile, tumbo lilimsumbua: linajaa kama ngoma kufikia mchana, linanguruma hadi taniboi wake analisikia, upepo unamtoka bila kukoma, halafu jioni kuhara maji mara tatu au nne. Fikiria kuhara pale, katikati ya malori, choo cha kulipia kikiwa mbali na gari ambalo huwezi kuliacha.

Alikuwa ameshatibiwa amiba mara mbili. Mara ya kwanza bila kipimo chochote, kwa ushauri wa duka la dawa. Mara ya pili kwa karatasi ya maabara nyingine iliyoandikwa tu "kisti za amiba ziko". Hapo nina neno kidogo, kwa sababu ni kazi yangu. Kisti, yaani amiba zilizojifungia ndani ya ganda, kwenye hadubini zinaonekana kwa watu wengi wenye afya njema. Kuna amiba inayoitwa Entamoeba koli isiyodhuru mtu, na kuna nyingine, Entamoeba dispa, ambayo kisti zake huwezi kuzitofautisha kwa jicho na zile za amiba mbaya. Kinachonishawishi mimi ni kuiona amiba hai, inatembea, ikiwa imemeza chembe nyekundu za damu. Kisti peke yake kwa mtu asiye na damu chooni ni ushahidi mwembamba, lakini ndio unaouza metronidazoli, dawa ya amiba, kwa wingi mjini.

Kwa hiyo nikatazama sampuli ya tatu kwa makini, tone moja kwenye maji ya chumvi na jingine kwenye lugoli, rangi ya iodini. Hapakuwa na amiba, giadia, mayai ya minyoo, damu wala usaha. Choo chenyewe kilikuwa majimaji ya rangi ya njano, chenye mapovu, na kilitoa harufu kali ya uchachu, kama togwa iliyosahaulika. Harufu hiyo ndiyo iliyonifanya nisiandike "hakuna kitu" na kumwita mtu wa pili.

Nilichukua yale maji ya juu nikachovya kijiti cha kupimia mkojo. Kijiti hakikutengenezwa kwa kazi hii, ila kina kisanduku cha kupima uchachu, na kwa choo kibichi kabisa cha majimaji kinasaidia kukisia. Rangi ilisimama chini kabisa, kwenye 5. Choo cha kawaida huwa karibu na 7. Kikishuka hivyo kwa mtu mzima, maana yake kuna kitu cha jamii ya sukari kilichoponyoka utumbo mwembamba, kikafika kwenye utumbo mpana, na bakteria wa huko wamekichachusha kuwa asidi.

Nikasema basi, nimekikamata. Nikapasha moto kipimo cha Benedict, dawa ile ya bluu inayogeuka kijani, njano hadi nyekundu ya matofali ikikutana na sukari. Ikabaki bluu. Nikarudia. Bluu. Niseme ukweli, hapo nilikwama, nikadhani kijiti kimenidanganya.

Jibu lilitoka mdomoni mwake, na si kwa maneno. Wakati wote huo nikihangaika alikuwa amesimama mlangoni, anatafuna.

"Papa, unatafuna nini?"

"Chingamu tu. Niliacha sigara, munganga. Sasa ni miezi ine."

Miezi minne. Nikamwomba anionyeshe pakiti. Akatoa mbili kutoka mfukoni, ya chingamu na ya pipi ngumu za mnanaa, zote zimenunuliwa upande wa Zambia, zote zimeandikwa hazina sukari. Aliambiwa na mganga wa meno, baada ya kung'olewa gego, kwamba kama ni lazima atafune basi atafute zisizo na sukari. Ushauri ulikuwa mzuri. Bakteria wa mdomoni hawawezi kuichachusha sorbitoli kwa kasi ya sukari, ndiyo maana haitoboi meno. Tatizo ni kwamba chakula hakiishii mdomoni, na bakteria wa utumbo mpana wana uwezo ambao wale wa mdomoni hawana.

Nyuma ya pakiti, kitu cha kwanza kwenye orodha ya viungo kilikuwa sorbitoli, ikifuatiwa na namba yake, E420. Chini kabisa, kwa herufi ambazo dereva wa miaka yake hazioni bila miwani, palikuwa na onyo kwamba ukila kupita kiasi choo kinaweza kulainika. Katika nchi za Ulaya sheria inalazimisha onyo hilo pale ambapo zaidi ya asilimia 10 ya chakula ni vitamu vya jamii hii vilivyoongezwa. Jamii yenyewe inaitwa polioli: sorbitoli, manitoli, maltitoli, ksilitoli na ndugu zao.

Hapo Benedict naye akaeleweka. Dawa ile haipimi utamu. Inapima kundi fulani la kemikali lililo kwenye ncha ya molekuli ya glukosi. Sorbitoli hutengenezwa viwandani kwa kuchukua glukosi, inayotoka kwenye wanga wa mahindi au ngano, na kuilisha hidrojeni mpaka kundi lile linapotea. Inabaki tamu, kiasi cha asilimia 60 ya utamu wa sukari, lakini Benedict haioni tena. Kwa hiyo choo kilichochacha pamoja na Benedict ya bluu havikupingana hata kidogo.

Sasa, kwa nini kitu kinachokaribia kufanana na glukosi kisifyonzwe kama glukosi? Watu wa hapa tunaweza kulielewa hili kupitia kitu tunachokijua tangu utotoni, yale maji ya chumvi na sukari anayopewa mgonjwa wa kipindupindu. Maji yale yanaokoa maisha kwa sababu ukuta wa utumbo mwembamba una milango maalumu ya glukosi, na mlango ule haufunguki kwa glukosi peke yake. Glukosi inaingia imeshikana mkono na sodiamu ya chumvi, na maji yanawafuata nyuma. Sorbitoli haina mlango wake. Inapita kwa kupenya polepole tu, kidogo hapa kidogo pale, kama mtu anayejipenyeza ukumbini bila kadi ya mwaliko. Ukiwa na gramu chache, muda unatosha na nyingi inapenya. Ukiwa na nyingi, chakula kinasukumwa mbele kabla haijamaliza, na iliyobaki inaendelea na safari.

Iliyobaki inafanya mambo mawili, na ndiyo mambo mawili aliyokuwa analalamikia dereva. Kwanza inashika maji. Utumbo hauwezi kuweka ndani yake kitu kizito kuliko damu bila maji ya mwili kumiminika humo kusawazisha. Kwa hiyo badala ya maji kutoka utumboni kwenda mwilini, kama kwenye maji ya chumvi na sukari, yanatoka mwilini kwenda utumboni. Pili, ikifika utumbo mpana, bakteria wanaishambulia. Wanatoa hidrojeni, kaboni dioksidi, na kwa baadhi ya watu metani. Ndiyo ile ngoma ya mchana. Katika hospitali zenye vifaa, mgonjwa anapewa sorbitoli kisha anapuliza hewa kwenye mashine, nayo inapima hidrojeni iliyopita kutoka utumboni kwenda kwenye damu hadi mapafuni. Sisi huku tuna pua na masikio ya taniboi.

Bakteria hao si maadui kamili, lazima niwatendee haki. Asidi wanazotengeneza zinafyonzwa na utumbo mpana, na zikifyonzwa maji nayo yanarudi mwilini. Wanaokoa sehemu ya hasara. Ndiyo sababu mtu mwenye sorbitoli kidogo iliyoponyoka anapata upepo tu bila kuhara, na anayezidisha ndiye anayepata vyote viwili. Nami najiuliza kama dawa za amiba, zinazoua bakteria hao hao, hazikumwongezea kuhara katika siku alizokuwa anazinywa. Yeye mwenyewe alikumbuka kwamba wiki ile tumbo lilipungua kujaa lakini maji hayakupungua.

Tukakaa kuhesabu. Kwenye jedwali la pakiti ya chingamu, polioli zilikuwa gramu 62 katika kila gramu 100, na chingamu moja ilikuwa na gramu 2. Hiyo ni gramu 1.2 kwa kila moja, na karibu yote inatoka katika dakika za mwanzo za kutafuna, kwa hiyo kutema mabaki hakusaidii. Pipi zilikuwa polioli karibu tupu, gramu 2.9 kwa pipi moja. Siku ya foleni alikuwa anamaliza chingamu 15 na pipi kama tano. Chingamu gramu 18, pipi gramu 14 na nusu. Jumla inapita gramu 32.

Wengi wetu tunaanza kujisikia gesi kati ya gramu 5 na 20 kwa siku, na juu ya 20 kuhara kunakuwa jambo la kutarajiwa, ingawa matumbo hayafanani. Kama tukichukulia kwamba gramu 32 zote ni sorbitoli na hakuna hata chembe iliyofyonzwa wala kuchachushwa, kiasi hicho kinaweza kushikilia maji lita 0.6 hivi ndani ya utumbo. Kwa kweli sehemu inafyonzwa na sehemu inaliwa na bakteria, kwa hiyo maji ni pungufu ya hapo. Hata nusu yake inatosha kumtoa mtu mbio kwenye kiti cha dereva. Alishangaa nilipomwambia kwamba chupa moja ya soda ina sukari ya uzito karibu na huo na haimharishi. Sukari ya soda inakatwa vipande viwili, glukosi na fruktosi, na vyote viwili vina milango yao.

Si hadithi ya dereva wetu peke yake. Mwaka 2008 madaktari wa Berlin walichapisha visa viwili vya namna hii. Mmoja alikuwa mwanamke wa miaka 21 aliyepungua kilo 11 huku akipata gramu 18 hadi 20 za sorbitoli kila siku kutoka kwenye chingamu. Mwingine mwanamume wa miaka 46, kilo 22 zimepotea, kwa sababu ya chingamu 20 na pipi hadi gramu 200 kwa siku. Wote wawili walipimwa vitu vingi kabla mtu hajawauliza wanatafuna nini, na wote wawili walipona walipoacha.

Papa hakuamini mara moja. Alikuwa na nadharia yake, nayo haikuwa ya kijinga. Akiwa nyumbani, mtaa wa Katuba hapa Lubumbashi, tumbo linatulia. Akienda mpakani linaanza. Kwa hiyo lawama zilikuwa juu ya maji na vyakula vya Kasumbalesa. Nikamuuliza, "Na taniboi?" Akanyamaza. Kijana yule anakula naye sahani moja, bukari ile ile, samaki wale wale, maji ya kidumu kimoja, na hajawahi kukimbia. Ila kijana hatafuni. Na nyumbani? Nyumbani Mama hataki kusikia mtu anatafuna mezani kama mbuzi, kwa hiyo pakiti zinabaki garini.

Kulikuwa na dalili nyingine ambazo hakuna aliyemuuliza. Kuhara kwake hakukuwahi kumwamsha usingizini. Mtu aliyelala hatafuni, na alfajiri utumbo umeshamaliza ulichopewa. Hakuwa na homa. Siku alizofunga kanisani, bila chakula wala chingamu, choo kilikuwa kigumu. Na kwa kawaida anayeacha sigara hulalamika choo kukauka, si kulainika. Angekuwa na damu, homa, kuhara kwa usiku, au choo cheupe kama maji ya mchele, nisingempotezea muda na pakiti za pipi hata dakika moja. Katanga hii inajua kipindupindu, na mtu anaweza kutafuna chingamu na kuwa na kipindupindu siku hiyo hiyo.

Tukakubaliana jaribio. Safari inayofuata asiweke kitu mdomoni isipokuwa chakula chake cha kawaida, na kwa hamu ya sigara atafune vipande vya muwa au karanga. Siku ya kwanza alinipigia jioni kusema bado kuna upepo. Siku ya pili ulipungua. Siku ya tatu, foleni ikiwa haijasogea, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi kwamba amekaa kutwa nzima garini. Lakini kuacha na kupona bado si ushahidi kamili, kwa sababu tumbo linaweza kupona lenyewe. Ushahidi ni kurudia. Siku ya mapumziko, nyumbani kwake, choo kikiwa hatua kumi, alikula pipi saba mfululizo saa nne asubuhi. Saa sita tumbo likaanza kunguruma. Saa nane alikuwa chooni. Nyumbani, Katuba, kwa maji ya Katuba na bukari ya Mama.

Baada ya hapo hakuacha kabisa, na sikuona sababu ya kumlazimisha. Sorbitoli haikuwa imemharibu utumbo, haikuwa mzio wala sumu. Ilikuwa hesabu tu. Chingamu tatu au nne kwa siku, zilizotawanywa, ni chini ya gramu 5, na tumbo lake linazibeba bila kelele. Alijikwaa mara moja tu. Alirudi na pakiti mpya iliyoandikwa ksilitoli kwa herufi kubwa, akidhani ametoroka, akatafuna kama zamani, akakimbia kama zamani. Ksilitoli ni ndugu wa tumbo moja na sorbitoli. Katika jamii ile anayetofautiana hasa ni eritritoli, molekuli ndogo ambayo sehemu kubwa inafyonzwa na kutoka na mkojo bila kufika kwa bakteria. Na nikamwonya juu ya dawa za maji zisizo na sukari, za kikohozi au za homa, maana nyingi zimetiwa utamu kwa sorbitoli, na vijiko vinajumlishwa kwenye hesabu ile ile.

Niliposema hivyo, Mama, aliyekuwa amekuja naye siku hiyo na ambaye hadi hapo alikuwa kimya, akauliza, "Na mutoto?"

Mtoto gani? Mdogo wao, wa miaka minne. Kila baba akirudi safari anapanda garini kumlaki, na kila mara anashuka na pipi nne mkononi. Pipi za baba, zisizo na sukari, nzuri kwa meno. Na kila baba akirudi, mtoto anahara siku hiyo. Walishampa dawa ya minyoo mara tatu.

Nikachukua kalamu tena. Pipi nne ni gramu 11 na nusu. Mtoto ana kilo 16. Kwa kila kilo ya mwili wake alikuwa anabeba gramu 0.7, na baba yake, siku mbaya kabisa ya foleni, alikuwa anabeba gramu 0.4. Papa aliitazama karatasi, akatoa mfuko wa pipi mfukoni, akauweka juu ya meza yangu pembeni ya hadubini. Bado uko pale. Wafanyakazi wenzangu wanachukua moja moja.